Pointi zikifutika kwenye leseni, bima bado inauliza

Septemba 17, 2023, Wales ilishusha mwendo wa kawaida wa mitaa ya makazi kutoka maili 30 kwa saa hadi 20. Mitaa mingi ya London nayo ina kibao cha 20. Tangu hapo barua ya kamera imeanza kuingia kwenye nyumba ambazo hazikuwa na habari nayo: za wahudumu wa wazee wanaowahi zamu, za akina mama wanaorudisha watoto kutoka madrasa, za wazee walioendesha miaka 20 bila doa. Kwenye makundi yetu ya simu, Waswahili wa Cardiff, Reading na Leicester tunabishana juu ya faini. Pauni 100 ni nyingi au si nyingi, kamera ilikuwa halali au ilikuwa mtego, kibao kilionekana au kilifunikwa na mti. Mjadala huo una utamu wake, lakini umekaa mahali pasipo na hasara kubwa. Faini ya pauni 100 na pointi tatu ni gharama inayojulikana, unalipa na unakwenda zako. Kosa la ghali hufanyika miezi kadhaa baadaye, siku bima inapohuishwa, na mara nyingi hufanyika bila mtu kufungua mdomo.

Hoja yangu ni kwamba tumepotoshwa na dhana mbili. Ya kwanza inasema kipimo cha unachopaswa kuiambia kampuni ya bima ni kile kinachoonekana kwenye leseni: kikiwapo useme, kikifutika umepona. Ya pili inasema kunyamaza si kusema uongo, kwa hiyo aliyeacha bima yake ijihuishe yenyewe hakudanganya mtu. Zote mbili ni makosa kwa sheria ya England na Wales. La kushangaza ni kwamba dhana ya kwanza humwumiza mtu kwa pande zote mbili: wapo wanaoficha wanachopaswa kusema, na wapo wanaojisemea mambo ambayo hakuna aliyewauliza, kisha wakalipia uungwana wao.

Sehemu ya tatizo tumekuja nayo kutoka nyumbani. Dar es Salaam au Mombasa, mtu akienda kukata bima, kinachotazamwa kwanza ni gari: ni la aina gani, lina thamani gani, ni la familia au la biashara, unataka bima kubwa au bima ndogo. Ada ya bima kubwa huanzia kwenye asilimia ya thamani ya gari. Faini ya trafiki ni jambo jingine kabisa, kati yako na polisi au hakimu. Ukishalipa, imekwisha, na wakala wa bima haimhusu. Uingereza, gari ni nusu tu ya hesabu. Nusu nyingine ni dereva: umri wake, anakokaa, kazi yake, ajali zake, na makosa yake ya barabarani ya miaka mitano iliyopita. Ndiyo maana majirani wawili wenye Toyota Yaris za mwaka mmoja wanaweza kulipa ada zinazopishana kwa mamia ya pauni. Mtu aliyezoea kwamba bima ni ya gari hawezi kuona haraka kwa nini barua ya kamera ina uhusiano wowote na barua ya bima.

Jirani yangu mmoja hapa Cardiff, mzaliwa wa Tanga, alinieleza hivyo hivyo mezani kwake, tukiwa na birika la chai na rundo la barua mbele yetu. "Kaka, hizo pointi si mambo yangu na DVLA, hawa wakala wa serikali wa leseni? Bima wanaingiaje hapo?" Alikamatwa Juni 2024 akienda maili 27 kwenye mtaa wa 20. Kwa mwendo huo kwa kawaida angepewa nafasi ya kuhudhuria kozi ya mwendo badala ya pointi, lakini kozi hiyo haitolewi tena kama ulishaihudhuria kwa kosa lililotokea ndani ya miaka mitatu, naye alishaihudhuria. Akalipa pauni 100, akaandikiwa pointi tatu chini ya alama SP30, ambayo ndiyo alama ya mwendo kasi kwenye barabara za kawaida. Oktoba ile bima yake ilijihuisha. Oktoba ya 2025 ikajihuisha tena. Mara zote mbili alipokea barua ndefu, akatazama bei, akaona haikupanda sana, akaiweka kwenye droo.

Nilimwomba anionyeshe barua ile. Ukurasa wa kwanza una bei ya mwaka huu na bei ya mwaka jana, kama kanuni zinavyotaka. Ukurasa wa pili una picha ya familia inayocheka ndani ya gari. Ukurasa wa nne una jedwali lenye jina lake, tarehe ya kuzaliwa, kazi, maili anazoendesha kwa mwaka, na mstari uliosomeka, kwa tafsiri yangu: hukumu za barabarani au adhabu za papo kwa papo katika miaka mitano iliyopita: hakuna. Chini ya jedwali kuna sentensi moja inayomtaka asome taarifa hizo na awapigie simu kama kuna isiyo sahihi, kwa sababu kosa linaweza kuathiri madai yake. Hakuna sehemu ya kutia saini wala kisanduku cha kuweka tiki.

Sentensi ile moja ndiyo yenye uzito wote. Zamani sheria ya bima ya Uingereza, iliyojengwa juu ya Sheria ya Bima ya Baharini ya 1906, ilimtaka mwenye bima aseme mwenyewe kila jambo ambalo kampuni ingelitaka kulijua, hata kama hakuulizwa. Ulikuwa mzigo usio na haki. Watu walinyimwa fidia kwa kutosema mambo ambayo hawakujua kama yana maana. Sheria mpya ya bima za watu binafsi ilipitishwa mwaka 2012 na kuanza kutumika Aprili 6, 2013. Iliondoa wajibu wa kujisemea, ikaweka wajibu mwingine: kujibu kwa uangalifu wa kawaida, usitoe maelezo yasiyo ya kweli. Kazi ya kuuliza ikawa ya kampuni. Hapo wengi husimama na kufurahi. Lakini sheria hiyohiyo inasema pia kwamba kampuni ikikuomba uthibitishe au urekebishe maelezo uliyotoa zamani, nawe usifanye hivyo, kunyamaza kwako kunaweza kuhesabiwa kuwa maelezo yasiyo ya kweli. Kila bima inapohuishwa ni mkataba mpya, na jedwali la ukurasa wa nne ni swali, hata kama halina alama ya kuuliza. Jirani yangu alikuwa amejibu "hakuna" mara mbili akiwa amelala.

Sasa turudi kwenye dhana ya leseni. Pointi zina saa tatu tofauti, na kila saa inahesabu yake. Kwa kosa kama la jirani yangu, pointi huhesabiwa kwa miaka mitatu tangu siku ya kosa katika kujumlisha zile 12 ambazo kwa kawaida humfungia mtu leseni kwa miezi sita au zaidi. Hubaki zimeandikwa kwenye kumbukumbu ya DVLA kwa miaka minne. Na kampuni za bima huuliza miaka mitano. Mitano haikutoka hewani: chini ya sheria ya 1974 ya kuwapa nafasi upya waliowahi kutiwa hatiani, kosa lililoandikwa kwenye leseni ya mtu mzima huhesabiwa kuwa limepitwa baada ya miaka mitano, na likishapitwa huna wajibu wa kulitaja hata ukiulizwa. Kwa jirani yangu, hesabu ya pointi 12 itaisha Juni 2027. SP30 itatoweka kwenye kumbukumbu Juni 2028. Lakini bima inayohuishwa Oktoba 2028 bado itauliza miaka mitano, na jibu la kweli bado litakuwa ndiyo. Mwaka ule mmoja kati ya kufutika na kupitwa ndio unaowanasa watu, kwa sababu mtu anafungua ukurasa wa DVLA, anaona pako safi, na kwa moyo mweupe anajibu hapana.

Upande wa pili wa jambo hilo husemwa mara chache. Aliyepatikana na hatia ya kuendesha akiwa amelewa huwa na alama DR10, nayo hukaa kwenye kumbukumbu miaka 11. Akifuata kipimo cha leseni, atajitaja kwa kampuni za bima kwa miaka 11. Lakini kwa sheria ya 1974, kama hakuna adhabu nyingine ndefu zaidi iliyoambatana nalo, kosa lile nalo hupitwa baada ya miaka mitano. Miaka sita inayobaki anaweza kukaa kimya kihalali, na kampuni haina haki ya kumwadhibu kwa hilo. Sisemi haya kwa kumpenda mlevi. Nataka ionekane kwamba kumbukumbu ya leseni si kipimo kwa upande wowote: wakati mwingine inaonyesha pungufu ya unachodaiwa kusema, wakati mwingine inaonyesha zaidi.

Vilevile kuna mambo yanayotuogopesha bure. Notisi ya kuegesha vibaya, kuingia njia ya basi London au kutolipa ada ya kuingia katikati ya jiji kwa kawaida ni deni la kiraia, si kosa la jinai la barabarani, na halina pointi. Halimo kwenye swali la hukumu. Kozi ya mwendo nayo si hukumu wala si pointi. Kampuni ikiuliza hukumu na adhabu za papo kwa papo peke yake, aliyehudhuria kozi anajibu hapana na anasema kweli. Zipo kampuni chache zinazouliza kuhusu kozi waziwazi. Hapo lazima useme. Ndiyo maana narudia kwamba kitu cha kusoma ni swali lenyewe, neno kwa neno. Maneno "hukumu", "pointi", "adhabu" na "kosa ambalo bado halijaamuliwa" hayana maana moja, na kila kampuni ina mchanganyiko wake.

Na swali lisilotaja mpaka halina mpaka. Mtu aliyehamia karibuni, akiwa bado ndani ya ile miezi 12 ambayo anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya Kenya au Tanzania, akiulizwa kuhusu hukumu za miaka mitano hawezi kuacha hukumu ya trafiki ya mahakama ya Nairobi kwa kuwa ni ya huko. DVLA hawaijui, ni kweli. Lakini swali lilikuwa lako, halikuwa la DVLA.

Sasa tupime hoja za wanaopinga mfumo huu, maana zipo zenye nguvu. Yenye nguvu kuliko zote ni kwamba mtu anaadhibiwa mara mbili. Ameshalipa faini, ameshachukua pointi, halafu anaongezewa ada kwa miaka mitano kwa sababu ya maili saba kwenye mtaa mtupu saa 11 alfajiri. Mhudumu wa wazee anayeendesha kila siku kutoka nyumba hadi nyumba yuko mbele ya kamera mara nyingi zaidi kuliko mstaafu anayekwenda dukani mara moja kwa wiki. Pointi zake zinaweza kuwa kipimo cha wingi wa safari zake kuliko cha uzembe wake. Sidhani hoja hii ina jibu jepesi. Kampuni zitasema haziadhibu, zinakadiria tu: katika vitabu vyao wenye pointi huleta madai zaidi, na asipoongezewa yeye wataongezewa wasio na pointi. Huo ni ukweli wa biashara ya bima popote duniani. Lakini mitaa ilipobadilika kutoka 30 kuwa 20, maana ya SP30 nayo ilibadilika. Alama ileile inaandikwa kwa aliyekwenda 27 mbele ya shule na kwa aliyekwenda 88 kwenye barabara kuu ya njia mbili-mbili, na mwenye bima anaulizwa alama, tarehe na pointi. Haulizwi ni mtaa gani. Mimi naona kampuni zina deni la kueleza kama SP30 ya leo inabashiri ajali kama ya zamani.

Hoja ya pili ni ya wale wanaosema barua za kuhuisha zimeandikwa makusudi zisisomwe. Hapa niko upande wao nusu. Barua ya jirani yangu iliweka bei ukurasa wa kwanza na swali ukurasa wa nne. Sheria ya 2012 iliona hatari hiyo: katika kuamua kama mwenye bima alikuwa mwangalifu, hutazamwa swali lilikuwa wazi kiasi gani, na kwa bima inayohuishwa, kampuni ilieleza kwa uwazi gani umuhimu wa kujibu. Kwa hiyo kampuni iliyohuisha bima kwa ujumbe mfupi usio na jedwali wala onyo inaweza kushindwa mbele ya Ombudsman wa Huduma za Fedha, ambaye mteja humwendea bila malipo ndani ya miezi sita tangu kampuni itoe jibu lake la mwisho. Lakini jedwali lililoandika "hakuna" na onyo chini yake, hata kama ni ukurasa wa nne, ni vigumu kulikwepa. Kuwa nusu upande wako hakutoshi siku gari limeharibika.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa kuliko zote: "Wao wanaona kila kitu kwenye kompyuta. Kama wameona na wamenyamaza, shauri lao." Ni kweli kwamba tangu 2014 kampuni za bima zina mfumo wa kuchungulia kumbukumbu za DVLA kwa kutumia namba ya leseni. Lakini kuwa na dirisha si kuchungulia kila asubuhi. Mfumo ule hutumika hasa mtu anapoomba bei, na hufanya kazi kama namba ya leseni imetolewa. Tovuti nyingi huiacha iwe hiari. Aliyekata bima mwaka 2021 bila kutoa namba, kisha ikajihuisha kila mwaka, huenda hajachunguliwa hata siku moja. Atachunguliwa siku atakapodai. Siku hiyo ofisa wa madai atamwomba namba ya siri inayotolewa na ukurasa wa GOV.UK wa kushirikisha taarifa za leseni, ambayo hutumika kwa siku 21, na ndani ya dakika mbili kila kitu kitakuwa mezani. Tena aliyejibu "hapana" kwa swali la wazi hawezi kujitetea kirahisi kwamba mwulizaji angeweza kutafuta jibu kwingine.

Nini hutokea hapo? Wengi hudhani ni moja kati ya mawili, ulipwe au usilipwe. Sheria ina ngazi. Kwanza kampuni lazima ionyeshe kwamba jibu lile lilibadilisha kitu: ingejua, isingekukatia bima kabisa au ingekukatia kwa masharti mengine. Kama ada ingekuwa ileile hata kwa pointi tatu, hakuna kesi. Pili, hutazamwa ulikosea kwa kutojali kidogo au ulidanganya kwa makusudi, au hukujali kabisa kama unasema kweli. Kazi ya kuthibitisha makusudi ni ya kampuni. Ikithibitisha, inaweza kuufuta mkataba kana kwamba haukuwahi kuwapo, ikatae madai yote, na kwa kawaida ibaki na ada uliyolipa. Kama ni uzembe wa kawaida, na kampuni ingekukatia bima kwa ada kubwa zaidi, fidia hupunguzwa kwa uwiano wa ada uliyolipa na ada uliyopaswa kulipa.

Tuweke namba za mfano kwa jirani yangu. Tuseme alilipa pauni 800, na kwa pointi tatu angelipa 1,000. Amelipa asilimia 80 ya ada, kwa hiyo atapata asilimia 80 ya fidia. Yaris yake yenye thamani ya pauni 6,000 ikiharibika kabisa, anapata 4,800, kabla ya kutoa ile sehemu ya hasara ambayo kila mwenye bima hujibebea mwenyewe. Amepoteza pauni 1,200 ili kuokoa 200. Na hapo ametendewa kwa huruma, ngazi ya uzembe.

Mtu aliyegongwa naye analipwa hata kama mkataba una kasoro, kwa sababu Sheria ya Barabara ya 1988 inailazimisha kampuni kumlipa mhanga. Watu husikia hilo na kupumua. Wasipumue mapema: sheria hiyohiyo inaipa kampuni njia ya kumgeukia mwenye bima na kumdai ilichomlipa mhanga zaidi ya ilichowajibika kwake. Gari la watu lililopondwa ni maelfu. Uti wa mgongo wa mtu ni mamia ya maelfu. Na hata pasipokuwa na ajali, bima iliyofutwa kwa udanganyifu huacha alama ambayo haina saa ya miaka mitano. Fomu nyingi huuliza kama umewahi kufutiwa bima, neno "umewahi" likiwa halina mwisho. Nimeona watu waliosahau kabisa pointi zao lakini bado wanalipia jibu la ndiyo kwenye swali hilo.

Niseme kidogo juu ya kosa ambalo kwetu wahamaji ni baya kuliko mwendo wenyewe. Barua ya kamera huenda kwa aliyesajiliwa kuwa mwenye gari, kwenye anwani iliyoko DVLA. Anatakiwa kujibu ndani ya siku 28 na kutaja nani alikuwa anaendesha. Sasa fikiria kijana aliyehama kutoka chumba cha Barking kwenda Luton, akabadilisha anwani benki na kwa daktari, lakini kitabu cha gari kikabaki na anwani ya zamani. Barua inafika, haisomwi, siku 28 zinapita, na kosa la kwenda kasi la pointi tatu linageuka kosa la kutomtaja dereva: alama MS90, pointi sita, na faini ya mahakama inayoweza kufika pauni 1,000. Kama hajatimiza miaka miwili tangu apasi mtihani wake wa kwanza, pointi sita zinamnyang'anya leseni na anaanza upya kuanzia leseni ya mwanafunzi. Kwa mpanga bei za bima, MS90 inasomeka kama mtu aliyekuwa anaficha kitu. Hakuna mahali kwenye fomu pa kueleza kwamba ulikuwa umehama tu.

Kwa hiyo jirani yangu afanye nini, akiwa katikati ya mwaka wa bima na majibu mawili ya uongo asiyoyakusudia? Baadhi ya mikataba inamtaka mtu atoe taarifa ya hukumu mpya papo hapo, mingine inasubiri siku ya kuhuisha. Hilo limeandikwa kwenye kipengele cha mabadiliko ya kutujulisha. Lakini kwake swali limeshapita, jibu lisilo sahihi limeshaandikwa, na kila siku anayokaa baada ya kujua inamsogeza kutoka kwenye uzembe kuelekea makusudi. Nilimwambia apige simu kabla ya kupika. Akapiga, akakaa dakika 25 akisikiliza muziki, akaeleza: SP30, Juni 2024, pointi tatu. Wakamwongezea pauni 46 kwa miezi iliyobaki na ada ya kubadilisha karatasi. Akaomba uthibitisho kwa barua pepe, nao ukaja. Alichokasirikia si zile pauni 46. Ni ile ada ya karatasi.

Kisha tukafungua ukurasa wa leseni wa GOV.UK, unaotaka namba ya leseni, namba ya bima ya taifa na msimbo wa posta, ili anakili tarehe kama zilivyo badala ya kuzikumbuka. SP30 yake ilikuwepo, peke yake. Nikamkumbusha kwamba swali la fomu halikuwa lake tu. Lilikuwa la kila dereva aliyetajwa kwenye bima, na mumewe ametajwa. Akamwita kutoka sebuleni aje na leseni yake. Mume akaja polepole, akasimama mlangoni, akauliza kama hiyo shughuli haiwezi kusubiri kesho. Haikusubiri. Kwenye ukurasa wake palikuwa na mstari mmoja: CU80, kushika simu akiendesha, pointi sita, Februari. Mke akaiangalia ile skrini kwa muda mrefu, kisha akainyanyua simu na kuwapigia tena.